SOMO: Kupinga Notisi ya Adhabu ya TRA kwa Barua Pepe

Mkazi wa Kata ya Kinyala anayepokea notisi ya adhabu ya kodi mara nyingi huipeleka kwanza kwa Mtendaji wa Kata. Mtendaji anaweza kumsomea na kumfafanulia, lakini hana mamlaka ya kuifuta. Halmashauri hukusanya ushuru na ada zake kwa sheria zake, ilhali adhabu iliyotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hupingwa kwa TRA yenyewe, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Sheria hiyo humpa mlipakodi siku 30 tangu alipopokea uamuzi. Kila siku inayopotea katika ofisi isiyohusika hutolewa katika siku hizo.

Ili somo lieleweke, tuchukue mfano uliotungwa. Kampuni ndogo ya wakazi wawili wa Kinyala ina duka la vifaa vya ujenzi mjini Tukuyu, nayo imesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT). Ritani ya VAT ya kila mwezi huwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo ritani ya Aprili 2025 ilitakiwa kufika kabla ya kwisha kwa tarehe 20 Mei. Tarehe 23 Juni kampuni ikapokea notisi inayosema kuwa ritani hiyo iliwasilishwa tarehe 3 Juni, na kwamba inatakiwa kulipa adhabu ya shilingi 300,000. Kuchelewa kwenyewe kulikotajwa ni siku 14 tu, lakini adhabu ya kuchelewesha ritani huhesabiwa kwa mwezi au sehemu ya mwezi, hivyo hata siku moja huhesabiwa kama mwezi mzima.

Jambo la kwanza ni kuisoma tuhuma ilivyoandikwa. Notisi hii haisemi kuwa kodi haikulipwa. Inasema ritani ilichelewa. Kuwasilisha ritani na kulipa kodi ni wajibu mbili tofauti, na kila mmoja una ushahidi wake. Hapa ndipo wengi hukosea: huambatisha stakabadhi ya benki na kuamini kwamba wamejibu. Stakabadhi huonyesha fedha zililipwa lini, lakini haionyeshi ritani ilitumwa lini. Ushahidi unaohitajika hapa ni uthibitisho wa kupokelewa ambao mfumo wa TRA huutoa ritani inapotumwa, wenye tarehe na kipindi cha kodi.

Wenye kampuni walipopekua kumbukumbu zao walikuta uthibitisho mbili. Wa kwanza ni wa tarehe 19 Mei, siku moja kabla ya mwisho. Wa pili ni wa tarehe 3 Juni, walipotuma ritani ya marekebisho baada ya kugundua ankara moja ya manunuzi iliyosahaulika. Chanzo cha notisi kikawa wazi: tarehe ya marekebisho ilichukuliwa kuwa tarehe ya ritani ya awali. Uthibitisho wote wawili lazima uambatishwe. Anayetuma wa kwanza pekee huacha swali la tarehe 3 Juni bila jibu, na ofisa atakayeiona tarehe hiyo kwenye mfumo atakuwa na sababu ya kulikataa pingamizi.

Sasa barua pepe yenyewe. Itumwe kwa anwani iliyochapishwa kwenye notisi, kutoka katika anwani ambayo kampuni imeisajili TRA. Kichwa chake kibebe namba ya kumbukumbu ya notisi na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN). Isichanganywe na namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo hutumika benki au kwenye simu tu. Namba zilizo katika mfano huu si za mtu yeyote.

> YAH: PINGAMIZI DHIDI YA NOTISI YA ADHABU KUMB. NA. ADH/0147/2025, TIN 000-000-000
>
> Kamishna Mkuu, Mamlaka ya Mapato Tanzania,
> Kupitia: Meneja wa TRA, Mkoa wa Mbeya.
>
> Husika na somo tajwa hapo juu.
>
> Tarehe 23 Juni 2025 tulipokea notisi hiyo, inayotutoza shilingi 300,000 kwa kuchelewesha ritani ya VAT ya Aprili 2025. Tunapinga adhabu yote.
>
> Ritani ya awali iliwasilishwa tarehe 19 Mei 2025 (Kiambatisho 2). Iliyowasilishwa tarehe 3 Juni 2025 ni ritani ya marekebisho ya kipindi hichohicho (Kiambatisho 3), nayo inahusu ankara moja ya manunuzi (Kiambatisho 4).
>
> Tunaomba adhabu ifutwe na tujulishwe uamuzi kwa maandishi.
>
> Viambatisho: 1. Notisi. 2. Uthibitisho wa 19 Mei. 3. Uthibitisho wa 3 Juni. 4. Ankara. 5. Stakabadhi ya malipo ya theluthi.
>
> Mkurugenzi wa Kampuni, 2 Julai 2025

Neno "pingamizi" limetumika kwa makusudi. Mtu anayeandika "naomba mnisamehe" anakuwa amekiri kwamba alichelewa. Ombi la msamaha wa adhabu lipo kisheria na lina nafasi yake, pale ambapo kosa ni la kweli lakini lilikuwa na sababu ya msingi. Asiye na kosa asianze na ombi hilo.

Kiambatisho cha tano kinatokana na sharti linaloangusha pingamizi nyingi zilizo halali. Pingamizi halipokelewi mpaka mlipakodi awe amelipa, ndani ya zilezile siku 30, kiasi asichokipinga au theluthi moja ya kilichotozwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Kampuni yetu inapinga chote, hivyo theluthi ni shilingi 100,000. Asiyeweza kulipa anaruhusiwa kumwomba Kamishna Mkuu kwa maandishi, pamoja na sababu, apunguziwe au aondolewe sharti hilo. Ombi hilo litumwe mapema, lisingoje siku ya mwisho.

Kwa kampuni hii siku ya 30 ni tarehe 23 Julai. Barua pepe ya tarehe 2 Julai iliacha muda wa kusahihisha upungufu ambao ofisa angeuonyesha. Ikiwa siku chache za kazi zitapita bila majibu ya kupokelewa, chapisha barua na viambatisho, upeleke katika ofisi ya TRA inayokuhudumia, na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Ulizia hapohapo kama kuna fomu au hatua ya kwenye mfumo inayotakiwa kukamilishwa. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini atapaswa kuthibitisha kuwa alikuwa nje ya nchi, alikuwa mgonjwa, au alikuwa na sababu nyingine ya msingi.

Kamishna Mkuu anatakiwa kuamua ndani ya miezi sita. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Bodi ya Rufaa za Kodi, akianza na taarifa ya kusudio ndani ya siku 30. Huko nako kitakachopimwa ni nyaraka zilezile. Sheria humtaka mlipakodi azitunze kwa miaka mitano, kwa hiyo kila uthibitisho wa ritani upakuliwe na kuhifadhiwa siku ileile ritani inapotumwa.