Fomu Ikikataa Kufunguka Ndani ya Facebook: Jinsi ya Kuihamisha Hadi Chrome

Wakati wa maombi ya basari, viungo vya fomu husambazwa kwa wingi kwenye kurasa za Facebook na vikundi vya wadi. Wakazi wengi hubonyeza kiungo papo hapo, fomu hufunguka, kisha wanakwama mahali pa kuingia kwa akaunti. Wengine hudhani mtandao umelemewa au muda wa maombi umekwisha. Mara nyingi tatizo ni dirisha walilolitumia kufungua fomu.

Chukua mfano wa mama mmoja ambaye binti yake yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Aliona kiungo cha fomu ya basari kwenye Facebook Jumatano jioni, na mwisho wa kutuma maombi ulikuwa Ijumaa. Fomu ilikuwa imetengenezwa kwa Google Forms na ilitaka apakie picha ya barua ya shule. Fomu ya aina hiyo ikiwa na sehemu ya kupakia faili, ni lazima anayeijaza aingie kwanza kwa akaunti yake ya Google. Mama aliandika barua pepe, akabonyeza kuendelea, na kioo kikaonyesha maneno "Couldn't sign you in", na chini yake "This browser or app may not be secure". Alidhani amesahau nenosiri. Akalibadilisha. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Akalibadilisha mara ya pili.

Alhamisi asubuhi alienda saiba ya sokoni akiwa ameandika nenosiri jipya kwenye karatasi. Kijana wa hapo aliitazama simu kidogo, akamwambia, "Mama, nenosiri lako halina shida. Hapa bado uko ndani ya Facebook."

Hilo ndilo jambo ambalo wengi hawalijui. Ukibonyeza kiungo ndani ya Facebook, Instagram, Messenger au TikTok, kwa kawaida simu haikupeleki kwenye Chrome. Programu yenyewe ina kivinjari chake kidogo, na ukurasa hufunguka humo. Unaonekana sawasawa na ukurasa wowote wa mtandao, lakini umekaa ndani ya nyumba ya mwenyewe. Mwenye nyumba anaweza kuubadilisha ukurasa huo na hata kusoma kinachoandikwa juu yake, ikiwa ni pamoja na nenosiri. Kwa sababu hiyo Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba haitaruhusu tena watu kuingia kwa akaunti zao kupitia madirisha ya namna hii, na mwaka 2017 ikaanza kuyafungia. Hofu hiyo ina msingi. Mwezi wa Agosti 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba kivinjari cha ndani cha TikTok kwenye aifoni kilikuwa na msimbo unaoweza kufuatilia kila herufi inayobonyezwa. TikTok ilisema haikuutumia kukusanya maandishi ya watu.

Kwa hivyo kubadilisha nenosiri hakusaidii, hata ukilibadilisha mara kumi. Kwenye tovuti nyingine zenye kitufe cha kuingia kwa Google, kosa hilohilo huja likiwa limeandikwa hivi:

```
Error 403: disallowed_useragent
```

Ukiona mstari huo, huna haja ya kutafuta sababu nyingine. Maana yake ni kwamba Google imekataa kivinjari unachotumia.

Utajuaje kwamba uko ndani ya kivinjari cha programu? Tazama juu ya kioo. Kwa kawaida kuna alama ya X au mshale wa kurudi upande wa kushoto, jina la tovuti katikati na nukta tatu upande wa kulia. Gusa jina la tovuti. Ikiwa huwezi kuandika anwani nyingine hapo, hauko kwenye kivinjari kamili. Kuna kighairi kimoja: programu kama Gmail kwenye simu za Android hufungua viungo katika dirisha linalofanana sana na hili, lakini ni Chrome yenyewe inayofanya kazi nyuma yake. Ukifungua nukta tatu na kukuta maneno "Running in Chrome", kuingia kwa akaunti hakutazuiwa kwa sababu hii.

Kutoka ni rahisi. Bonyeza zile nukta tatu, kisha utafute "Open in external browser", "Open in browser" au "Open in Chrome". Maneno hutofautiana kulingana na programu na toleo lake. Kwenye aifoni huenda ukaona "Open in Safari". Ukikosa yote hayo, chagua "Copy link", funga Facebook, fungua Chrome, bonyeza kwa muda mahali pa anwani, chagua "Paste", kisha uende. Njia hii ya kunakili ndiyo ya kuaminika zaidi, kwa sababu haitegemei mpangilio wa programu yoyote. Anwani ikitokea ndefu na yenye herufi `fbclid` mwishoni, usijali. Ni alama tu ya kwamba kiungo kilitoka Facebook.

Hamia Chrome kabla ya kujaza chochote. Ulichoandika kwenye kivinjari cha ndani hakikufuati, kwa kuwa vivinjari hivi viwili havishiriki kumbukumbu. Ndiyo maana pia mtu aliyekwisha kuingia kwenye Chrome huulizwa nenosiri upya akifungua tovuti hiyohiyo kupitia Facebook. 

Tovuti zinazotuma namba ya kuthibitisha kwa ujumbe mfupi huleta usumbufu wa aina yake. Mtu hutoka Facebook kwenda kusoma ujumbe, na akirudi anakuta ukurasa umefungwa au umeanza upya, na namba aliyotumiwa haikubaliki tena. Ndani ya Chrome ukurasa kwa kawaida hubaki kwenye kichupo chake ukimsubiri.

Kuna mambo mawili ya kuangalia baada ya kuhama. Kwanza ni bando. Ikiwa ulinunua bando ya Facebook peke yake, huenda Chrome isipate mtandao, na ukurasa ukabaki mweupe. Hapo utahitaji bando ya kawaida. La pili ni akaunti. Chrome hutumia akaunti iliyomo kwenye simu, na kama simu ni ya kuazima, fomu inaweza kutumwa kwa barua pepe ya mwenye simu. Angalia barua pepe iliyoandikwa juu ya fomu, na ikiwa si yako bonyeza "Switch account". Kwa simu ya kuazima, ukimaliza ondoa akaunti yako humo.

Ikiwa Chrome nayo inakataa, basi sababu ni nyingine, na hapo ndipo nenosiri linafaa kuchunguzwa. Angalia pia kama tarehe na saa ya simu ni sahihi, kisha usasishe Chrome.

Yule mama alifungua fomu kwenye Chrome ya simu yake mwenyewe, akaingia kwa lile nenosiri la karatasini mara ya kwanza, akapiga picha ya barua ya shule palepale mezani na kuipakia. Alituma maombi Alhamisi kabla ya saa sita mchana.