Unyevu Uliokatwa Mara Mbili: Jinsi ya Kukagua Malipo ya Mahindi Yako

Mwezi wa Novemba kijana mmoja wa Trans Nzoia alipeleka mahindi yake kwa mnunuzi mjini Kitale. Mvua za mwisho zilikuwa zimemzuia kuanika vizuri, na alijua hayajakauka sawasawa. Alisimama kando ya lori akimtazama karani akichoma magunia kwa bambo, ya juu, ya katikati na ya pembeni, kisha akichanganya punje na kuzipima mara tatu. Wastani ukawa unyevu wa asilimia 18. Kijana hakubisha.

Malipo yalipoingia, simu ilionyesha shilingi 178,983. Bei ilikuwa shilingi 40 kwa kilo, sawa na 3,600 kwa gunia la kilo 90, na yeye alitarajia zaidi ya 189,000. Mtu mwingine angemlaumu mwenye kipima unyevu. Yeye alikwenda kutafuta karatasi zake, na njia aliyoifuata ndiyo hii.

Hatua ya 1: Jua ulikubaliana kukatwa kiasi gani

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi makavu yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Ukileta yenye 18, umezidisha pointi 4.5, na mnunuzi ana haki ya kutokulipa maji hayo kama mahindi.

Wakulima wengi hudhani basi makato yawe asilimia 4.5. Sivyo. Mahindi yakikauka, sehemu kavu haipungui ila uzito wote unapungua, kwa hiyo kila pointi ya unyevu inaondoka na zaidi ya asilimia moja ya uzito. Hesabu yenyewe ni hii:

```
uzito mkavu = uzito halisi × (100 − unyevu) ÷ (100 − 13.5)
```

Kwa kilo 5,000 zenye unyevu wa 18, unapata kilo 4,740 hivi, yaani makato ya asilimia 5.2. Wanunuzi wengine hawajisumbui na kanuni hiyo; wanaweka kima kwa kila pointi. Mnunuzi wa kijana wetu alitumia asilimia 1.2 kwa kila pointi, jumla 5.4. Ziada hiyo ndogo hutetewa kuwa ni vumbi na punje zinazopotea wakati wa kukausha. Si dhuluma, mradi uliambiwa kabla ya kushusha mzigo.

Hatua ya 2: Soma risiti ya mizani mstari kwa mstari

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu risiti ina uzito wa aina kadhaa na mtu huangalia ule wa mwisho tu. Ya kijana ilisema lori likiwa na mzigo lilipima kilo 12,460 na likiwa tupu kilo 7,460. Uzito halisi, kilo 5,000. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na mstari mmoja zaidi: uzito wa malipo, kilo 4,730.

Mstari huo wa mwisho ndio wenye siri. Kilo 270 zilizopungua kutoka 5,000 ni asilimia 5.4 kamili, maana yake mizani ilikuwa imekwisha kukata unyevu palepale. Chukua kalamu na uandike pembeni: "unyevu umekatwa hapa."

Hatua ya 3: Rudi nyuma kutoka kwenye fedha

Gawanya fedha ulizolipwa kwa bei ya kilo. Shilingi 178,983 kwa 40 ni kilo 4,474.6. Gawanya jibu hilo kwa uzito halisi wa mizani, kilo 5,000. Unapata 0.895 hivi. Kijana alikuwa amekatwa asilimia 10.5, si 5.4.

Ukikatwa asilimia 5.4 mara moja, inabaki 0.946 ya uzito. Sasa zidisha 0.946 kwa 0.946. Jibu ni 0.895. Namba ikijizidisha yenyewe na kutoa kile ulicholipwa, huna tena haja ya kubahatisha: asilimia ileile imepigwa mara mbili, ya pili juu ya uzito uliokwisha kupunguzwa. Ndiyo sababu jumla haikufika 10.8. Anayetafuta 5.4 mara mbili kwa kujumlisha atakosa kidogo na kudhani amekosea hesabu.

Hatua ya 4: Ondoa sababu nyingine kabla ya kuinua sauti

Fedha zinaweza kupungua kihalali. Kuna uchafu na punje zilizooza, kuna uzito wa magunia matupu, kuna ushuru wa kaunti, kuna deni la mbolea uliyokopeshwa. Kila moja inapaswa kuwa na mstari wake kwenye hati ya malipo. Ada ya kukausha nayo ni kitu kingine: hiyo ni gharama ya mashine, na ikitozwa kwa shilingi na uliikubali, si makato ya mara ya pili.

Kuwa macho pia na sura nyingine ya kosa hilihili: uzito unakatwa kwa sababu ya unyevu, kisha bei ya kilo inashushwa kwa sababu hiyohiyo. Kwenye karatasi mistari haifanani, lakini ni maji yaleyale.

Hatua ya 5: Nenda ofisini na swali moja

Kijana alibeba nakala za risiti na ujumbe wa malipo, akaacha karatasi asilia nyumbani. Mama wa hesabu alimpokea kwa uchovu.

"Kijana wangu, unyevu wako ulikuwa 18. Makato ndiyo hayo."

"Sikatai makato, mama. Naomba tu unionyeshe kilo mlizoanzia kukata."

Alimgeuzia kompyuta. Kwenye safu ya uzito halisi palikuwa na 4,730. Aliyejaza jedwali alinakili mstari wa mwisho wa risiti, na jedwali, ambalo hukata unyevu lenyewe, likafanya kazi yake. Halikuwa na namna ya kujua kuwa kazi hiyo ilikwisha kufanywa mizanini.

Mama alinyamaza, akafuta 4,730, akaandika 5,000. Chini ya jedwali likatokea 189,200. Kijana alikuwa anadai shilingi 10,217.

Angefika akipiga kelele kuhusu wizi, nadhani angeambiwa arudi wiki ijayo. Swali la kilo za kuanzia halimpi mtu nafasi ya kulijibu kwa maneno. Linajibiwa kwa kuonyeshwa namba.

Hatua ya 6: Andika, hata wakikubali

Kabla ya kuondoka, aliomba marekebisho yaandikwe, yatiwe sahihi na muhuri, na tarehe ya kulipwa itajwe. Ahadi ya mdomo katika msimu wa mavuno husahaulika haraka.

Wakikataa, peleka barua yenye hesabu yako na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kama unauza kupitia ushirika, wahusishe viongozi wake mapema. Shida ikiwa ni mizani yenyewe kusoma vibaya, hilo ni la ofisi ya vipimo na mizani. Shida ikiwa ni hesabu, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016: inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujitetea bila wakili.

Jedwali lile halikujazwa kwa ajili ya mkulima mmoja tu. Ukigundua kosa la namna hii, waambie wote mliopima siku moja wakague risiti zao. Na msimu ujao, kabla lori halijapanda mizani, muulize mnunuzi: unyevu mnaukata hapa au ofisini? Jibu lake liandikwe kwenye risiti.