Manjanja, mfereji na pesa ya fundi: jipange kabla ya mvua Makobola

Mvua huku kwetu huanza Septemba na kwenda hadi Mei. Kagua nyumba mwezi wa Agosti, manjanja yakiwa makavu na fundi akiwa bado ana nafasi.

Saa sita mchana, ingia ndani ufunge milango na madirisha. Penye tundu utaona mwanga. Tia alama ya makaa. Pale tone linapoangukia huenda pasiwe penye tundu, kwani maji hufuata mbao kabla ya kudondoka. Tafuta upande wa juu.

Msumari uliolegea usiupigilie tena kwenye tundu lilelile. Ung'oe, weka mnene zaidi, na raba chini ya kofia yake. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinafaa. Upige kwenye mgongo wa bati, maana maji hupita bondeni. Ukipanda, kanyaga mstari wa misumari tu, ndipo penye mbao.

Chimba mfereji mahali matone ya paa yanapoanguka. Ukuta wa udongo huanza kuoza chini, hapo yanaporukia. Mwaga maji ndoo moja uone yanakokwenda. Yakisimama, ongeza mteremko. Yakielekea kwa jirani, zungumza naye kwanza.

Sasa, nani alipe? Kwa kawaida ya sheria, matengenezo makubwa ni ya mwenye nyumba: manjanja yaliyooza, ukuta uliolainika kwa mvua. Mpangaji hulipia madogo ya matumizi na alichoharibu mwenyewe, kama mfereji alioujaza taka.

Mwenye nyumba akisema hana pesa, msigombane. Tuseme fundi anataka dola 30 na loye ni dola 20. Wewe mpangaji lipa fundi, kisha ukate dola 10 kila mwezi, miezi mitatu. Lakini mkubaliane kwanza, muandike karatasi mbili, msaini mbele ya shefu wa kijiji. Piga picha kabla na baada. Ukikata loye bila karatasi, utaonekana mdaiwa tu. Na garanti muiache, hiyo si pesa ya manjanja.

Mwenye nyumba naye: ukipata barua kuhusu paa kuvuja, itie maanani. Godoro la mpangaji likilowa baada ya hapo, barua hiyo ni ushahidi.

Mwisho, mafuriko. Ziwa Tanganyika hupanda polepole, utapata siku za kuhamisha vitu. Mto unaotoka milimani haukupi nafasi hiyo. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, maji yaliingia Kasaba, hapa hapa Fizi, yakaua watu zaidi ya 60. Wengi walikuwa wamelala.

Kama unakaa karibu na mto, chagua leo nyumba ya juu mtakayokimbilia. Watoto waijue njia, na isivuke mto. Mvua kubwa ikipiga milimani jioni, mkalale huko. Karatasi za nyumba na za shule zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, zitoke nanyi. Mbuzi na sufuria viacheni.