Warfarini na Mboga za Majani: Kiasi Kisichobadilika

Ini hutumia vitamini K kutengeneza protini zinazogandisha damu. Warfarini huizuia vitamini hiyo isirejeshwe katika hali ya kutumika tena. Kwa hiyo dozi hupangwa kulingana na chakula alichozoea mgonjwa.

Tuseme mama mwenye vali bandia ya moyo hula mchicha kila siku, na kipimo chake cha kuganda kwa damu, INR, ni 2.8. Akiacha mboga ghafla, INR hupanda, fizi zaweza kutoka damu, na dozi hupunguzwa. Akiurudia mchicha kwa dozi hiyo ndogo, INR hushuka, na damu yaweza kuganda kwenye vali.

Basi na ale kiasi kilekile. Akitaka kukibadili, aiarifu kliniki kwanza ili INR ipimwe mapema.