Bei ya Duka Liuzwalo

Swali: Mwenye duka la rejareja hapa Tanga ataka shilingi milioni 24, mara mbili ya wastani wa faida ya miaka mitatu, yaani milioni 9, 12 na 15. Je, ni bei ya insafu?

Jibu: Wastani wa milioni 12 ni sahihi, lakini ndani yake umo ujira wa mwenye duka, auzaye mwenyewe pasi na kujilipa mshahara, basi ikiwa muuzaji wa kuajiriwa angelipwa 400,000 kwa mwezi, faida halisi yabaki milioni 7.2 kwa mwaka, na thamani yake milioni 14.4. Kuzidisha mara mbili sikukatai, ingawa, wateja wakiwa wamemzoea yeye hasa, hata hiyo ni ihsani.