Barua ya Mhariri Inayodai Marekebisho Makubwa: Mfano wa Mswada Kuhusu Bembezi za Garsen

Utangulizi

Mhariri wa jarida la kitaaluma anapokwisha kupokea ripoti za wahakiki, huwa na njia nne mbele yake: kuukubali mswada, kudai marekebisho madogo, kudai marekebisho makubwa, au kuukataa. Uamuzi wa tatu ndio mgumu zaidi kuuandikia barua, kwa kuwa haukubali wala haukatai. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi barua ya namna hiyo inavyoweza kuandikwa upya ili kazi inayodaiwa ieleweke, na waandishi wasiutupe mswada wao kabatini. Hoja yake ni moja: barua ya mhariri ni uamuzi, si bahasha ya kupitishia maoni ya watu wengine.

Mswada na barua ya kwanza

Tuchukue mfano wa kubuni. Waandishi wawili wamewasilisha mswada wenye anwani "Bembezi za Wapokomo". Wamerekodi nyimbo 14 za kubembelezea watoto kutoka kwa akina mama 6 wazee katika vijiji vya karibu na Garsen, kaunti ya Tana River. Mhakiki wa kwanza anasema nyimbo za Garsen pekee hazitoshi, kwani Wapokomo wameenea kando ya Mto Tana hadi Hola na kuendelea juu. Mhakiki wa pili anasema uzuri wa mswada ni kule kutulia kwake mahali pamoja. Wote wawili wanalalamika kwamba nyimbo zimetolewa kwa tafsiri ya Kiswahili tu, na kwamba waandishi wamedai wimbo wa 9 ndio chimbuko la wimbo wa taifa la Kenya bila ya kuthibitisha. Mhariri anaandika hivi:

"Mswada wenu hauwezi kuchapishwa jinsi ulivyo. Wahakiki wameibua masuala mazito kuhusu data, mbinu na hitimisho. Zingatieni maoni yao yote, boresheni lugha, kisha muuwasilishe tena. Jarida halitoi ahadi yoyote."

Kasoro za barua hiyo

Kasoro ya kwanza ni agizo lisilotekelezeka. Waandishi hawawezi kuyazingatia "maoni yote" ilhali wahakiki wanapingana. Wakipanda hadi Hola watamkosea mhakiki wa pili. Wakibaki Garsen watamkosea wa kwanza. Kuamua kati yao ni kazi ya mhariri, naye ameikwepa.

Uamuzi wenyewe unahitaji ujuzi wa mada. Ni kweli kwamba usemi wa Wapokomo wa sehemu ya chini ya mto, iliko Garsen, hutofautiana na ule wa sehemu ya juu. Kwa hiyo anwani inayotaja Wapokomo wote inadai zaidi ya data iliyopo. Hata hivyo, kasoro hiyo ina tiba mbili: kuongeza data au kupunguza dai. Tiba ya kwanza ni safari nyingine ya utafiti katika bonde ambalo mafuriko hukata barabara zake wakati wa mvua nyingi. Tiba ya pili ni kubadili anwani na aya chache. Mhariri apime iwapo faida ya safari inalingana na gharama yake, na asiwaachie waandishi wabahatishe.

Kasoro ya pili ni kutoonyesha mahali wala kipimo. "Masuala mazito" hayasemi ni ukurasa upi, wala ni lini jambo litahesabiwa kuwa limekwisha. Kasoro ya tatu ni kuchanganya uzito: agizo la kuboresha lugha limewekwa sambamba na upungufu wa data, hata mwandishi asijue aanzie wapi.

Barua iliyoandikwa upya

"Wapendwa Waandishi,

KUH: MSWADA 'BEMBEZI ZA WAPOKOMO'

Uamuzi wa jarida ni marekebisho makubwa. Maelezo yenu kuhusu nani huimba, saa ngapi na kwa nini (uk. 6–9) ndiyo nguzo ya mswada, msiyapunguze. Mambo matatu yafuatayo ni ya lazima.

1. Mipaka ya dai. Wahakiki wametofautiana hapa. Hatudai data mpya kutoka Hola. Badilini anwani, ikisiri na hitimisho ili vizungumzie Garsen pekee, na muongeze aya moja inayoeleza kwa nini matokeo hayawezi kujumlishwa kwa Wapokomo wa juu.

2. Matini asilia. Kila mshororo unaojadiliwa utolewe kwanza kwa Kipokomo, kisha kwa Kiswahili chini yake. Nyimbo zisizojadiliwa ziwekwe katika kiambatisho kwa mpangilio huohuo.

3. Wimbo wa taifa (uk. 14). Chagueni moja kati ya mawili: linganisheni lahani za nyimbo hizo mbili kwa nota, au ondoeni dai kuhusu wimbo wa 9 na mbakishe tu lile linalojulikana, kwamba lahani ya wimbo wa taifa wa 1963 ilitokana na bembezi ya Kipokomo.

Pendekezo la mhakiki wa kwanza la kuongeza sehemu ya nadharia ni la hiari. Lugha itashughulikiwa baada ya mambo haya kukamilika.

Tunaomba mswada na jedwali la majibu katika siku 60. Mkihitaji muda zaidi, tuandikieni kabla hazijaisha. Mswada utarudi kwa mhakiki wa pili, naye ataombwa kupima mambo hayo matatu. Kukubaliwa kutategemea jinsi yatakavyotimizwa. Ripoti kamili zimeambatishwa. Panapotofautiana na barua hii, ifuateni barua.

Wenu katika taaluma,
Mhariri"

Kinachowatia moyo waandishi

Barua ya pili ina sifa moja tu, tena imetajwa kwa kurasa zake. Sifa hiyo ina kazi: inawazuia waandishi wasikate sehemu nzuri kwa hofu. Linalotia moyo zaidi ni kwamba kazi ina mwisho. Mwandishi anaweza kuhesabu mambo matatu na kuona kwamba hakuna linalomrudisha mtoni. Katika jambo la tatu amepewa hiari, kwa hiyo bado ni mwenye mswada wake. Wala hakudanganywa, kwani barua haikusema "mtakubaliwa".

Kuna njia rahisi ya kuijaribu barua kabla ya kuituma. Mhariri ampe mwenzake ambaye hajazisoma ripoti, kisha amwombe aorodheshe kazi zinazodaiwa na dalili ya kukamilika kwa kila moja. Orodha hiyo ikitofautiana na iliyo kichwani mwa mhariri, kasoro i katika barua.

Ufafanuzi huu una mpaka wake. Lau kanda za nyimbo zingekuwa zimepotea na Kipokomo chake hakikunukuliwa, jambo la pili lisingetimizika, na barua ya marekebisho ingewapotezea waandishi miezi bure. Hapo kukataa waziwazi, pamoja na kueleza sababu, ndiko uungwana.

Hitimisho

Imebainika kwamba barua bora huamua panapopingana wahakiki, hutaja mahali na kipimo cha kila badiliko, na hutenga la lazima na la hiari. Katika mfano huu, mhariri asiyeamua angewaacha waandishi njia panda, na nyimbo 14 za akina mama wa Garsen zingebaki katika daftari la watu wawili.