Barua kwa Rafiki wa Kalamu: Barafu Karibu na Ikweta

(Rafiki yangu anasoma Maskati, Omani. Kiswahili alifunzwa na nyanya yake aliyezaliwa Unguja. Aliniuliza kama ni kweli barafu huanguka Kericho. Hili ndilo jibu nililomwandikia.)

Rafiki mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka huku milimani. Sisi sote tu wazima wa afya.

Uliniuliza habari ya barafu. Ni kweli, ingawa ikweta haiko mbali nasi. Kericho ni mji ulio kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya bahari. Asubuhi jua huwaka vizuri, na ukitazama huku na huku ni michai tu, kijani kibichi, imekatwa sawasawa kama meza. Mchana upepo wenye unyevu huja kutoka Ziwa Viktoria, upande wa magharibi. Hapa hukutana na upepo wa mashariki, ukasukumwa juu pamoja na hewa iliyopashwa moto na jua. Huko juu sana kuna baridi kali, basi matone huganda. Wingu likiwa jeusi chini na upepo ukageuka baridi ghafla, mama hutuambia, "Haya, ingieni ndani!" Kisha mabati hupigwa hata hamsikizani.

Mvua hii ya mawe ndiyo adui wetu, maana sisi huchuma majani mawili machanga na kichipukizi chake, basi. Hayo ndiyo yaliyo juu kabisa ya mche, na ndiyo mawe huyapiga kwanza. Shamba letu ni ekari moja. Siku njema mama na kaka yangu huchuma kilo 40. Mwaka jana mawe yalinyesha kwa dakika kumi tu, na kesho yake walipata kilo 6 zisizoraruka. Karani wa kituo cha kununulia majani hapokei yaliyochanika. Na kumbuka, kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu!

Mche wenyewe haufi. Yale majani makubwa yaliyotoboka tunayaacha, kwa kuwa bado yanaulisha mche, halafu tunangoja machipukizi mapya. Kungoja huko huchukua majuma kadhaa, nayo karo yangu hutoka humo humo. Muhula ule tulikula mahindi na sukuma wiki za shambani, na mama akauza ndama.

Wengine huuliza kwa nini tusipande kitu kingine. Lakini mchai hupenda udongo wetu mwekundu wenye asidi, na mvua inayonyesha karibu mwaka mzima. Mvua ile ile inayouotesha ndiyo huleta mawe.

Nawe nieleze: mitende yenu hupata maji wapi, ikiwa mvua ni haba hivyo? Na joto likizidi, tende huharibika au ndipo huiva?

Nyanya msalimie sana.

Ni mimi rafikiyo wa dhati,
Mwanachama, Kidato cha Tatu.